Umesaini ofa ya Uingereza, mwajiri kanyamaza kuhusu viza

Barua ya ofa imekuja kwa imeili, umeisoma zaidi ya mara moja, umesaini na kuirudisha. Mwajiri amejibu kwamba amefurahi na kwamba suala la viza linashughulikiwa. Baada ya hapo, kimya. Wiki inapita, ya pili inaingia, na wewe uko Dar es Salaam au Nairobi na kazi ambayo hujui uiache lini, nyumba ambayo hujui uirudishe lini kwa mwenyewe, na swali linalokukera kila ukifungua simu: niwaandikie tena au nitaonekana msumbufu?

Jibu fupi ni kwamba uandike. Lakini wengi wakiandika huuliza swali ambalo mwajiri hawezi kulijibu vizuri hata akitaka. "Viza yangu imefikia wapi?" Swali hilo halina jibu, kwa sababu wakati huo viza haijaanza kabisa. Kinachosubiriwa ni kitu kingine kinachotangulia viza, na kiko mikononi mwa mwajiri peke yake. Ukikijua kwa jina na ukajua kinavyopatikana, barua yako inabadilika, na majibu unayopata yanabadilika pia.

Nitazungumzia njia moja tu, ile ya Skilled Worker ya Uingereza, kwa mtu anayeomba akiwa nje ya nchi hiyo. Ndiyo njia inayotumiwa na wahandisi, wahasibu, wauguzi, walimu na watu wa kompyuta kutoka kwetu.

Kinachosubiriwa hasa

Mwajiri hakuombei viza. Viza unaiomba mwenyewe, kwa jina lako na kadi yako ya benki. Kazi ya mwajiri ni kukupa cheti cha udhamini, ambacho kila mtu kwenye shughuli hii hukiita CoS. Jina linasema cheti, lakini si karatasi ya kupigwa muhuri. Ni rekodi kwenye mfumo wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, na rekodi hiyo ina namba. Namba hiyo ndiyo unayoijaza kwenye fomu ya viza. Bila namba, fomu haiendi mbele.

Ili mwajiri aweze kutoa namba hiyo anahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni leseni ya udhamini. Kampuni isiyo na leseni haiwezi kukudhamini hata kama mkurugenzi wake anakupenda namna gani. Cha pili ni CoS yenyewe. Kwa mtu aliye nje ya Uingereza, CoS haichotwi kwenye akiba ya kampuni. Mwajiri anaingia kwenye mfumo na kuomba moja kwa ajili ya kazi hiyo, akiandika aina ya kazi, mshahara, saa za kazi na tarehe ya kuanza. Wizara ikiridhika inaikubali, kisha mwajiri anairudia, anaweka jina lako na namba ya pasipoti yako, analipia, na hapo tu namba inazaliwa.

Sasa angalia muda. Ombi la leseni kwa kawaida huchukua wiki nane kama mwajiri hakulipia huduma ya haraka. Ombi la CoS kwa mwajiri ambaye leseni anayo tayari mara nyingi hujibiwa ndani ya siku moja ya kazi, isipokuwa Wizara ikitaka maelezo zaidi. Wiki nane kwa upande mmoja, siku moja kwa upande wa pili, na mwajiri wa aina zote mbili atakuandikia sentensi ileile: suala la viza linashughulikiwa.

Ndiyo maana hatua ya kwanza haihitaji kumwandikia mtu yeyote. Kwenye tovuti ya GOV.UK kuna orodha ya wazi iitwayo `Register of licensed sponsors: workers`. Ni faili kubwa lenye majina ya waajiri wote wenye leseni, mji walipo, daraja lao na njia wanazoruhusiwa kudhamini. Tafuta jina la mwajiri wako. Unataka kuona daraja A na maneno Skilled Worker kwenye mstari huohuo. Usitafute kwa jina la biashara lililo kwenye bango tu. Leseni mara nyingi iko kwa jina la kampuni lililosajiliwa, ambalo utalikuta chini kabisa ya barua ya ofa kwa herufi ndogo. Kampuni zenye matawi huwa na jina moja la kundi zima, au tawi moja lina leseni na jingine halina.

Ukimkuta kwenye orodha, ucheleweshaji si wa leseni, na hilo peke yake linakuondolea nusu ya wasiwasi. Usipomkuta hata kwa jina la kisheria, swali lako la kwanza kwake linajulikana: je, ombi la leseni limeshapelekwa, na lini? Mwajiri mkweli atakupa tarehe. Na kama barua pepe inayokuahidi CoS imetoka kwa "kampuni" isiyo kwenye orodha na inakutaka utume pesa ya kulipia cheti, funga mazungumzo. Nitarudi kwenye suala la pesa.

Kwa nini mwenye leseni naye anakawia

Hapa ndipo watu wengi hukosea kusoma hali. Kama CoS hupatikana kwa siku moja, kwa nini kampuni yenye leseni inakaa wiki tatu? Wengine huamua kwamba mwajiri amebadili mawazo. Inawezekana, lakini sababu za kawaida zaidi ni mbili, na zote ziko ndani ya ofisi yake.

Ya kwanza ni pesa. Ada ya CoS ilipandishwa Aprili 2025 hadi pauni 525. Hiyo ni ndogo. Kubwa ni tozo ya ujuzi ambayo mwajiri huilipa kwa kila mfanyakazi anayemleta kutoka nje. Tangu Desemba 2025 tozo hiyo ni pauni 1,320 kwa mwaka kwa kampuni ya kati au kubwa, na pauni 480 kwa kampuni ndogo. Mkataba wa miaka mitatu kwenye kampuni kubwa ni pauni 3,960, zinazolipwa kwa mkupuo mmoja pale mwajiri anapoweka jina lako kwenye CoS. Ukijumlisha na ada, ni pauni 4,485 kabla hujakanyaga ofisini. Pesa kama hiyo haitoki kwa afisa rasilimali watu kubonyeza kitufe. Kuna mtu wa fedha wa kuidhinisha, na mtu huyo hukukuona kwenye usaili na wala hana haraka.

Kwa sababu hiyohiyo kampuni nyingi hazigusi CoS mpaka masharti yote ya ofa yatimie: majibu ya wadhamini wako wa kazi za nyuma, uhakiki wa shahada, na kwa kazi za afya au ualimu, cheti cha polisi cha tabia njema. Kama bosi wako wa zamani hajajibu barua ya kumuulizia habari zako, faili lako linakaa, na hakuna atakayekwambia kwamba tatizo ni bosi wako. Hili nimeliona mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Mtu analaumu Waingereza kumbe barua imelala kwenye imeili ya mzee mmoja Kariakoo asiyefungua imeili.

Sababu ya pili ni kwamba mfumo wa udhamini hauingiwi na kila mtu. Ndani ya kampuni kuna mtu mmoja au wachache waliosajiliwa kuutumia, na wakati mwingine ni wakili wa nje. Afisa anayekuandikia wewe pengine hajawahi kuuona mfumo wenyewe. Yeye hupokea taarifa na kukupitishia. Mwenye funguo akiwa likizo, afisa wako atakwambia "tunasubiri timu ya sheria", na atakuwa anasema kweli.

Kuna jibu moja la kuliangalia kwa makini. Ukiwa nje ya Uingereza na mwajiri akakwambia anasubiri mgao mpya wa Aprili, muulize kwa upole anamaanisha nini. Waajiri wana akiba ya mwaka ya vyeti, unaoanza tarehe 6 Aprili na kuisha tarehe 5 Aprili mwaka unaofuata, lakini akiba hiyo hutumika zaidi kwa watu ambao wako ndani ya Uingereza tayari. Kwa Skilled Worker anayetokea nje, cheti huombwa kimoja kimoja, wakati wowote wa mwaka. Anayekwambia usubiri Aprili huenda amechanganya aina mbili za vyeti, na swali lako moja linaweza kuokoa wiki kadhaa.

Hesabu ianzie mwisho

Kabla ya kuandika, kaa na kalenda. Barua inayosema "naomba kujua muda" ni dhaifu. Inayosema "nisipopata namba kabla ya tarehe fulani, tarehe ya kuanza haiwezekani" inamgusa hata asiyekujua, kwa sababu sasa ni ratiba yake yeye inayoharibika.

Tuchukue mhandisi wa ujenzi aliye Dar es Salaam, wa kubuni lakini wa kila siku. Amesaini ofa Jumatatu ya tarehe 2 Machi 2026, na barua inasema aanze kazi Jumatatu ya tarehe 1 Juni. Miezi mitatu inaonekana mingi. Tuihesabu kinyumenyume.

Anataka wiki moja ya kusafiri na kupata pa kulala, kwa hiyo siku yake ya mwisho kazini Dar iwe Ijumaa ya tarehe 22 Mei. Kwa sheria ya Tanzania anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, na Kenya ni hivyohivyo, labda mkataba uwe umesema zaidi. Yeye ni mtu makini, hatoi notisi kabla ya kupata uamuzi wa viza. Basi uamuzi uwe mkononi kufikia tarehe 24 Aprili. Maombi yanayofanyiwa nje ya Uingereza kwa kawaida hujibiwa ndani ya wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole, kwa hiyo vidole vitolewe takriban tarehe 1 Aprili. Mpe siku chache za kujaza fomu, kulipa na kupata miadi kituoni. Namba ya CoS inatakiwa iwe imefika tarehe 25 Machi.

Miezi mitatu imegeuka kuwa wiki tatu na siku mbili tangu kusaini. Na mwaka huo kuna mtego: Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6, na kwa Tanzania tarehe 7 ni Siku ya Karume. Akikosa miadi ya tarehe 1 au 2, inayofuata ni tarehe 8.

Huyu mhandisi hana haja ya kusubiri mwezi ndipo aulize. Siku saba za kazi zinatosha.

Barua ya kwanza

Barua utaiandika kwa Kiingereza, lakini mpangilio wake ni huu. Salamu ya mstari mmoja, si zile zetu za kuuliza afya na familia na kazi zinaendaje. Kisha lengo, kisha maswali yanayojibika, kisha taarifa inayomsaidia yeye. Mhandisi wetu anaandika tarehe 11 Machi:

"Asante kwa ofa niliyoisaini tarehe 2 Machi kwa nafasi ya mhandisi wa ujenzi, kuanza tarehe 1 Juni. Naomba kuthibitisha mambo matatu ili nipange notisi yangu hapa. Je, CoS yangu imeshaombwa, na kama bado, kuna sharti lolote la ofa linalosubiriwa kutoka kwangu? Mnatarajia kunipa namba yake lini? Na je, kampuni itathibitisha kwenye CoS kwamba itagharamia maisha yangu ya mwezi wa kwanza? Kwa hesabu yangu, nikipata namba kufikia tarehe 25 Machi naweza kuanza tarehe 1 Juni. Ikipita hapo, itabidi tukubaliane tarehe nyingine. Pasipoti yangu ni halali hadi mwaka 2031, mtihani wa Kiingereza nimeshafaulu, na kipimo cha kifua kikuu nitafanya wiki ijayo."

Swali la kwanza halimlaumu mtu. Linampa njia ya kusema "ndiyo, tunasubiri jibu la bosi wako wa zamani", jambo ambalo huenda aliona aibu kulianzisha. Swali la pili linaomba tarehe na si maendeleo. Anayeulizwa maendeleo hujibu "tunaendelea vizuri". Anayeulizwa tarehe hulazimika kwenda kumuuliza mwenye funguo.

Swali la tatu ndilo linalosahaulika na ndilo lenye meno. Mwombaji wa viza hii lazima aonyeshe pauni 1,270 kwenye akaunti yake, zilizokaa siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya hapo. Mwajiri mwenye daraja A anaweza kukuondolea sharti hilo kwa kuweka alama kwenye CoS kwamba atakutunza mwezi wa kwanza ikibidi. Kwake ni alama tu. Kwako ni wiki nne za kalenda. Kama mhandisi wetu angejua tarehe 18 Machi kwamba kampuni haiweki alama hiyo, na pesa akaziweka benki siku hiyohiyo, asingeweza kutuma maombi kabla ya katikati ya Aprili hata kama CoS ingefika kesho yake. Uliza mapema, na kama hujapata jibu, weka pesa kama unazo.

Kuhusu ile taarifa ya mwisho: usiandike kwamba uko tayari kama hauko. Cheti cha kifua kikuu kinatakiwa kwa waombaji wanaoishi Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na lazima kitoke kwenye kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza, si hospitali yoyote. Kinadumu miezi sita, kwa hiyo ukikifanya siku ya usaili kinaweza kukuishia njiani. Wiki ya pili au ya tatu baada ya kusaini ni wakati mzuri. Kiingereza nacho kimepanda: tangu tarehe 8 Januari 2026 mwombaji mpya wa njia hii anatakiwa kufikia kiwango cha B2, badala ya B1. Aliyesoma shahada kwa Kiingereza Mlimani au Nairobi anaweza kuitumia badala ya mtihani, lakini lazima ihakikiwe na taasisi iitwayo Ecctis, na uhakiki huo una foleni yake.

Jibu lisilojibu, na barua ya pili

Siku mbili baadaye mhandisi anapata jibu: asante kwa subira yako, timu ya sheria inalishughulikia, tutakujulisha. Anampigia simu mwenzake aliyemtangulia kwenda Leeds.

"Kaka, hawa watu wananizungusha. Niwaandikie tena?"

"Wamekupa tarehe?"

"Hapana."

"Basi hawajakujibu. Subiri siku tatu nne, uandike tena. Na safari hii waombe wamnakili huyo wa sheria."

Ushauri mzuri. Barua ya pili huandikwa chini ya ileile ya kwanza ili historia ionekane, na iwe fupi kuliko ya kwanza. Tarehe 18 Machi anaandika:

"Nashukuru kwa jibu. Ili nisikusumbue kila mara, naomba unisaidie kujua tuko hatua gani kati ya hizi: CoS bado haijaombwa, imeombwa na inasubiri Wizara, au imekubaliwa na inasubiri malipo na jina langu. Kama ni rahisi zaidi, naweza kuwasiliana na timu ya sheria moja kwa moja nawe ukiwa kwenye nakala. Kama namba haitapatikana kufikia tarehe 25, napendekeza tuhamishie tarehe ya kuanza Jumatatu ya tarehe 15 Juni."

Hatua tatu za kuchagua humrahisishia kazi. Hahitaji kueleza, anahitaji kuonyesha kidole. Na hatua atakayoitaja inakwambia mengi. "Bado haijaombwa" maana yake kikwazo kiko ofisini kwake: masharti au idhini ya fedha. "Inasubiri Wizara" kwa zaidi ya siku chache maana yake Wizara imeuliza maswali, na mara nyingi maswali hayo ni kuhusu mshahara au kazi yenyewe. Tangu Julai 2025 mshahara wa kawaida wa njia hii usipungue pauni 41,700 kwa mwaka, au kiwango cha kazi hiyo kama kiko juu zaidi, na kazi iwe ya ngazi ya shahada isipokuwa zile chache zilizoachwa kwa orodha maalumu. Kama ofa yako iko chini ya hapo na hakuna punguzo lililotajwa, kama lile la vijana au la mishahara ya afya, shida si kuchelewa tena. Hapo kuna jambo la kuzungumza kwa uwazi kabla hamjapotezeana miezi.

"Inasubiri malipo" ni habari njema. Siku chache.

Pendekezo la tarehe mpya nalo lina kazi yake. Waajiri wengine hunyamaza kwa sababu wameona tarehe haifikiki na hawajui watakwambiaje. Ukiisogeza wewe, unawatua mzigo. Tarehe ya kuanza si amri: kabla viza haijaamuliwa mwajiri anaweza kuongeza maelezo ya mabadiliko kwenye CoS. Angalia tu kwamba maombi ya viza hayatumwi zaidi ya miezi mitatu kabla ya tarehe ya kuanza, na kwamba CoS ikishatolewa una miezi mitatu ya kuitumia.

Safari hii jibu linakuja kesho yake: mtu wa fedha alikuwa safarini, ombi litapelekwa wiki ijayo, alama ya matunzo itawekwa, na tarehe 15 Juni inakubalika. CoS inaombwa Jumanne ya tarehe 24 Machi, inakubaliwa kesho yake, na namba inamfikia Ijumaa ya tarehe 27. Anajaza fomu wikiendi. Miadi ya kabla ya Pasaka imejaa, anapata Jumatano ya tarehe 8 Aprili. Uamuzi unatoka tarehe 30 Aprili, kesho yake ni Mei Mosi, anatoa notisi Jumatatu ya tarehe 4 Mei. Siku 28 zinamfikisha tarehe 1 Juni, siku ileile ambayo barua ya kwanza ilimtaka awe ameshaanza kazi Uingereza. Kama angeshikilia tarehe ya zamani na kukaa kimya, angelazimika kuacha kazi kabla ya kuwa na viza, au kumwambia mwajiri wiki ya mwisho kwamba haji.

Pesa, na lini uache kusubiri

Kuna waajiri na mawakala wanaojibu barua ya aina hii kwa kukuomba uchangie gharama ili mambo yaende haraka. Kwa Skilled Worker hilo haliruhusiwi. Tozo ya ujuzi haijawahi kuruhusiwa kurudishwa kwa mfanyakazi, na tangu tarehe 31 Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi pia kukudai ada ya CoS wala gharama za kupata leseni. Akifanya hivyo anahatarisha leseni yake, na leseni ikifutwa viza yako inakwenda nayo. Gharama zako halali ni ada ya viza, mchango wa huduma ya afya ambao ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza kwa waombaji wengi, vipimo na mitihani. Mwajiri akipenda kukulipia hizo ni ukarimu wake, na barua ya ofa ndiyo mahali pa kuliandika.

Ukishaandika barua mbili zenye maswali ya kujibika na hujapata tarehe, ya tatu isiongeze maneno. Iombe simu ya dakika kumi na meneja aliyekufanyia usaili, si na rasilimali watu. Yeye ndiye mwenye pengo kwenye timu yake, na yeye ndiye anayeweza kumwendea mtu wa fedha mezani. Usimtishe kwa ofa nyingine usiyo nayo. Kama unayo kweli, itaje kwa tarehe: "nimepewa hadi tarehe 10 kujibu sehemu nyingine, ningependa kuja kwenu, naomba kujua kama CoS itakuwa imeombwa kabla ya hapo." Wakati huohuo soma tena barua yako ya ofa. Nyingi husema ofa inategemea uwe na haki ya kufanya kazi Uingereza kufikia tarehe fulani. Tarehe hiyo ikikaribia bila CoS, omba waiongeze kwa maandishi, kwa sababu baada yake mwajiri anaweza kuiondoa ofa bila kuvunja neno lake.

Na siku namba ikifika, usikimbilie kulipa. Omba nakala ya CoS nzima, mwajiri anaweza kuitoa kwenye mfumo kama faili, ulinganishe na pasipoti yako herufi kwa herufi: majina matatu na mpangilio wake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti. Majina yetu hupinduliwa sana, la baba likawa la ukoo na la ukoo likapotea. Kisha tazama msimbo wa kazi, mshahara, saa kwa wiki, tarehe ya kuanza, na ile alama ya matunzo uliyoahidiwa. Kosa dogo mwajiri hulirekebisha kwa kuongeza maelezo kabla hujatuma maombi. Kosa la msimbo wa kazi au mshahara linaweza kumlazimu kuomba CoS mpya, na ni afadhali ajue leo kuliko afisa wa viza alione baada ya wiki tatu.